Tanuri la Mtaa: Kutoka Fez hadi Kibokoni



Msafiri wa kwetu anaporudi hutarajiwa kuwa na mambo matatu: zawadi, picha na salamu za jamaa. Mizigo ikifunguliwa hutoka mabuibui, udi, tende na viatu vya watoto. Ni mara chache mtu kufungua mzigo akatoa habari ya namna biashara fulani inavyoendeshwa huko alikotoka: wateja huja saa ngapi, kazi hugawanywa vipi, na faida hasa hutoka wapi. Wiki hii nafungua mzigo wa namna hiyo, nilioubeba kutoka Fez, nchini Moroko, na nitasimulia jinsi ulivyokaribia kumtia hasarani wifi yangu wa Kibokoni kabla haujamfaa.

Nilikwenda Fez kumzuru mwanangu anayesoma huko. Alikuwa amepanga chumba ndani ya mji mkongwe, ambako vichochoro ni vyembamba na mizigo hubebwa na punda na nyumbu, hata ungedhani uko Lamu isipokuwa kwa baridi. Asubuhi ya kwanza nilimwona msichana wa miaka kama kumi amebeba ubao kichwani, umefunikwa kitambaa safi. Baada yake akapita mvulana na ubao kama huo, kisha bibi mmoja. Wote walikuwa wakielekea mlango mmoja mweusi kwa moshi. Nikawafuata.

Ndani mlikuwa na tanuri la matofali, kinywa chake kikiwa chini, na mbele yake fundi mmoja ameshika koleo la mbao lenye mpini mrefu kuliko yeye mwenyewe. Wenyeji huliita tanuri hilo ferani. Kwa desturi ya zamani, kila mtaa wa mji ule ulikuwa na mambo matano: msikiti, chuo, bomba la maji, hamamu na tanuri. Mama hukanda unga nyumbani kwake, akaufinyanga mikate ya duara, akaitia alama yake, kisha akamtuma mtoto aipeleke. Fundi huoka, hutoza sarafu chache kwa kila mkate, na mtoto hurudi na chakula cha moto. Hakuna nyumba inayohitaji kuwasha tanuri lake peke yake.

Nilisimama pale nikiwaza habari za kwetu. Wifi yangu hupika biskuti na keki za kuuza. Oveni yake ndogo ya jikoni huchukua trei moja tu kwa wakati mmoja. Mwisho wa Ramadhani hukesha hadi daku akioka trei baada ya trei, na majirani zake wanne hufanya vivyo hivyo, kila mmoja na mtungi wake wa gesi. Nikasema moyoni: hiki ndicho tulichokikosa.

Niliporudi nilimsimulia kwa shauku kubwa, naye akashawishika upesi. Aliuza bangili zake mbili, akanunua oveni ya gesi iliyokwisha tumika, ya kuchukua trei nne, kwa shilingi 48,000. Akaiweka katika chumba cha chini cha nyumba ya marehemu mama yake, akatangaza mtaani kwamba tanuri litakuwa wazi tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na kila trei itatozwa shilingi 40.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kusikitisha. Mwisho wa mwezi alinipigia simu akaniambia, “Wifi, bangili zangu zinageuka moshi.” Nilikwenda tukaketi tuhesabu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimemletea picha ya tanuri, sikumletea habari ya kazi yake.

Jambo la kwanza tulilolikosea lilikuwa saa. Siku ile tuliazima mizani ya muuza samaki, tukaupima mtungi kabla ya kuwasha na kila baada ya saa moja. Kupima mtungi ndiyo njia ya yakini ya kujua gesi inaliwa kiasi gani, kwa kuwa macho na mikono hudanganya. Tukaona kwamba oveni ilitumia gramu 600 kupata joto kabla ya trei ya kwanza kuingia, na baada ya hapo gramu 600 nyingine kwa kila saa iliyokaa na moto, ikiwa na trei au ikiwa tupu. Mtungi wa kilo 13 yeye alikuwa akiununua kwa shilingi 3,250, yaani shilingi 250 kwa kilo.

Hesabu ikajisema yenyewe. Kwa saa sita, pamoja na kupasha moto, oveni ilikula kilo 4.2, nazo ni shilingi 1,050. Trei zilizoletwa kwa siku zilikuwa kama 12, zikija moja moja: hii saa nne, hizi mbili saa saba. Mapato yalikuwa shilingi 480. Kila siku aliyofungua alipoteza shilingi 570, hata kabla ya kumlipa msichana aliyemsaidia. Na hizo trei 12 zote, kama zingekuwa za biskuti na zingeletwa pamoja, zingemalizika kwa saa moja, maana trei nne za biskuti huiva na kutolewa kwa dakika 20. Gesi yake ingekuwa shilingi 300 tu.

Hapo nikakumbuka nililoliona Fez nisilitie maanani. Watoto wale hawakupita siku nzima. Walipita kwa mkumbo, kwa sababu mtaa mzima hula mkate mmoja kwa wakati mmoja, na kila mama hukanda mapema ili mkate uwe mezani mchana. Tanuri la Fez halikuwa rahisi kwa sababu ya matofali yake. Lilikuwa rahisi kwa sababu halikukaa na moto likingoja.

Jambo la pili lilikuwa chakula chenyewe. Kule mkate wa kuoka ndio riziki ya kila siku. Kwetu asubuhi ni mahamri, chapati au vitumbua, navyo hupikwa kwa mafuta au chumani, na boflo hununuliwa dukani. Anayetaka mkate wa sinia aghalabu ameshazoea kuupalia makaa juu na chini nyumbani. Kwa hivyo uhitaji wa kila siku uliolilisha tanuri la Fez haupo Kibokoni. Uliopo ni uhitaji wa vipindi: oda za mwisho wa wiki, arusi, maulidi, na siku za kukaribia Idi. Kufungua kila siku kwa sababu Fez hufungua kila siku kulikuwa ni kuiga bila kuuliza.

La tatu lilihusu joto la hewa yetu. Fez ni mji wa bara ulioinuka, na asubuhi yake ya baridi huufanya unga wa hamira uumuke polepole. Ukingoja zamu kwa nusu saa hauharibiki. Unga huohuo Mombasa, mwezi wa pili, ukingoja nusu saa katika chumba chenye oveni inayowaka, huvimba kupita kiasi, huanguka, na mkate hutoka bapa wenye uchachu. Keki ni mbaya zaidi. Keki iliyotiwa beking pauda huanza kutoa mapovu mara tu unga unapokutana na maji, na ikingoja foleni mapovu hayo hupotea kabla ya kufika motoni. Mteja mmoja alichukua keki yake iliyozama katikati, akalipa kwa adabu, asirudi tena.

Sasa ikawa hatuna budi kuchagua: kuiuza oveni kwa hasara, au kulifikiri upya jambo lote. Tuliamua kumpigia mwanangu simu, nikamwomba arudi kwa fundi, safari hii akae asubuhi nzima na daftari. Nilimpa maswali manne: trei na mikate huja saa ngapi na kwa wingi gani, fundi hupanga vipi vitu vya moto mkali na vya moto mdogo, anajuaje kipi ni cha nani, na siku wateja wanapokuwa wachache huishi kwa nini.

Majibu yalikuwa na faida kuliko safari yangu yote. Kwanza, fundi alimwambia kwamba wateja wa majumbani wamepungua, kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi zina oveni za gesi na mkate wa dukani uko kila pembe. Kinachomweka ni mikate anayoikanda mwenyewe na kuiuza mlangoni, akiitia tanurini kila panapokuwa na nafasi kati ya mbao za wateja. Mimi nilikuwa nimeinunua mikate ile mara mbili nisijue kwamba nanunua nusu ya biashara yake.

Pili, alieleza mpangilio wa moto. Tanuri la matofali huwa kali sana asubuhi baada ya kuni kuwaka, kisha hupoa taratibu. Kwa hiyo mkate hutangulia, maana hutaka moto mkali. Biskuti hufuata joto likishuka. Na mwisho huingia vyungu vya nyama na karanga za kukaanga, ambavyo huiva kwa joto la mabaki. Ili kujua kama sakafu ya tanuri iko tayari, hurusha unga kidogo ndani akautazama: ukigeuka mweusi papo hapo, moto umezidi, ukichukua muda kidogo kuwa kahawia, mkate unaweza kuingia.

Wifi yangu alipoyasikia hayo alicheka, akasema, “Basi langu ni kinyume chake.” Alikuwa amesema kweli. Oveni ya gesi hupanda joto upesi lakini hupoa polepole. Ukianza na mkate kwenye nyuzi 220, itakubidi ungoje kitambo kabla ya biskuti zinazotaka nyuzi 160 au 170, na ukikosa subira zitaungua chini huku juu bado mbichi. Kwa hiyo yeye huanza na biskuti, hupanda hadi keki kwenye nyuzi kama 175, na humalizia na mikate. Samaki au nyama, kama vipo, huwa vya mwisho kabisa, kwa kuwa harufu yake hushika keki. Shabaha yake ni ileile ya fundi wa Fez, kutopoteza joto, lakini njia yake imegeuzwa na chombo alicho nacho.

Siku hizi tanuri la wifi yangu hufungwa siku nne na kufunguliwa siku tatu: Alhamisi, Jumamosi na Jumapili, tangu saa tatu hadi saa sita mchana. Anayetaka kuoka huomba zamu kwa ujumbe wa simu siku moja kabla. Wenye biskuti hupewa saa tatu. Wenye keki huambiwa wafike na unga mkavu umechekechwa na mayai yameshapigwa, kisha wachanganye palepale mezani trei za mbele yao zikiwa zinatoka. Wenye mkate wa hamira huambiwa wapunguze hamira, na wafinyange wakati tanuri linapokaribia kuwa wazi kwao, si alfajiri.

Fundi wa Fez huitambua mikate kwa alama na kwa kumbukumbu ya miaka mingi ya kuwajua majirani zake. Wifi hana miaka hiyo, na biskuti za Kibokoni hufanana. Alichonga vibao vidogo vya bati vyenye namba. Kimoja hulala kwenye pembe ya trei, cha pili hukaa na mteja. Pia alinunua trei zake 12 za kipimo kimoja, baada ya kuona wateja wakileta sinia ambazo mlango wa oveni haukuzikubali. Na kwa kuwa kila oveni ina pembe inayounguza kuliko nyingine, alitandaza vipande vya boflo juu ya trei zote nne akaviacha dakika chache. Vilivyogeuka vyeusi kwanza vilimwonyesha pembe ya nyuma kushoto, na tangu hapo trei ya upande huo huigeuza katikati ya muda.

Bei nayo ilibidi ifuate muda, si ukubwa wa chakula. Trei ya biskuti huishika nafasi dakika 20, keki huishika dakika kama 45. Basi biskuti zikabaki shilingi 40 na keki ikawa 90. Katika siku ya kawaida sasa hupata mizunguko minne ya biskuti, ambayo ni trei 16 na shilingi 640, na mizunguko miwili ya keki, ambayo ni trei nane na shilingi 720. Jumla ni 1,360. Gesi ya saa tatu pamoja na kupasha moto ni kilo 2.4, yaani shilingi 600, na msichana wa kusaidia hupewa 300. Hubaki shilingi 460.

Dada zangu, msiitazame 460 hiyo kwa dharau wala kwa tamaa. Kwa siku tatu za wiki ni shilingi 1,380, na kwa wiki nne ni 5,520. Kwa mwendo huo bei ya oveni hurudi kwa karibu miezi tisa, mbali na msimu wa Idi. Kilichoongezea ni funzo la mikate ya mlangoni: mzunguko ukiwa na trei tatu za wateja, ya nne huwa ya biskuti zake mwenyewe za kuuza. Gesi ya trei ile imeshalipwa na wengine.

Mipaka ipo, na sitaificha. Hakujenga tanuri la kuni, ijapokuwa watu walimshawishi kwa kusema chakula chake kina ladha. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi ambalo ujenzi wake huhitaji idhini, na moshi katika vichochoro vile huingia katika vyumba vya majirani. Gesi nayo ina hatari zake: ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini badala ya kutoka kwa dirisha la juu. Kwa hiyo mtungi umewekwa uani, umesimama wima, na tundu limefunguliwa chini ya mlango. Leseni ya kaunti, ukaguzi wa afya ya umma na cheti cha afya cha kila anayeshika chakula vilichukua wiki kadhaa, na ada zake zingepasa kuhesabiwa kabla ya kuuza bangili.

Kuhusu kuungua, waliandikiana na wateja jambo moja jepesi. Trei ikiungua kwa kusahauliwa na tanuri, wifi hulipa unga, mayai na siagi. Ikiharibika kwa mchanganyiko wa mwenyewe, ada ya kuoka hulipwa. Maneno hayo yamebandikwa ukutani, na tangu yabandikwe hakuna ugomvi uliofika mlango wa nje.

Basi nawe ukisafiri, iwe Unguja, Maskati au Nairobi, na ukapendezwa na biashara fulani, usiridhike na kupita mara moja. Rudi mahali hapo saa tofauti. Hesabu walioingia. Nunua, kisha uulize siku mbaya huwaje na nini hulipia gesi siku hiyo. Halafu, ukiwa bado hukohuko, jiulize ni jambo gani la mji ule, kama saa ya chakula, hali ya hewa au desturi ya jikoni, linaloifanya kazi ile iwezekane, na kama jambo hilo lipo kwenu. Lisipokuwepo, usilie, lakini usiuze bangili mpaka umepata la kulishika mahali pake.

Wifi yangu amenunua bangili moja. Ya pili, asema, ataingoja Idi.

Wassalaam.